Wamekukataa mara moja: uombe tena au uachane nao?

Juzi nimepigiwa tena simu ile ile. Kijana aliomba kazi kwetu mwaka jana, hakuitwa. Sasa tumetoa tangazo linalomfaa, lakini haombi. "Kaka, jina langu si limeshachafuka huko kwenu?"

Nimeajiri watu kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali kwa miaka 11, na neno hili limenichosha, kwa sababu linawafungia watu mlango ambao hakuna aliyeufunga. Kukosa nafasi hakuchafui jina. Hata Sekretarieti ya Ajira, inapotangaza waliopangiwa vituo vya kazi, huwaambia ambao majina yao hayapo wasisite kuomba tena nafasi nyingine zitakapotangazwa. Na wapo waliofaulu usaili lakini nafasi zikajaa. Hao huhifadhiwa kwenye kanzidata, na wengine huitwa miezi baadaye bila kuomba upya.

Lakini si kweli pia kwamba hakuna kinachobaki. Maombi yako ya kwanza yapo kwenye mfumo wetu. Nikifungua jina lako naona tarehe uliyoomba, nafasi uliyoomba, hatua uliyofika, na wasifu uliotuma. Hicho cha mwisho ndicho watu wanachokisahau, nami nitakirudia.

Swali la kwanza basi ni hili: ulianguka wapi? Kama hukupigiwa simu kabisa, ulianguka kwenye karatasi. Hakuna aliyekuona wala kukusikia. Kama ulifanya mtihani wa kuandika kisha kimya, karatasi yako ilitosha, kilichopungua ni ujuzi wenyewe. Kama ulifika mbele ya jopo, vyote viwili vilitosha. Hawa ni watu watatu tofauti, lakini wote hufanya marekebisho yale yale: wanabadilisha mwandiko, wanaongeza rangi pembeni, wanaweka picha mpya. Aliyeanguka kwenye usaili anaandika upya wasifu ambao ulikuwa tayari umempitisha!

Nieleze mchujo wa karatasi unavyofanyika, maana hapo ndipo wengi wanapoishia. Mezani nina jedwali. Safu zake zimetoka kwenye tangazo, neno kwa neno: shahada, miaka ya uzoefu, programu fulani, uandishi wa ripoti za wafadhili. Kila safu naweka 0, 1 au 2. Sifuri ni "sikuona", na kwenye jedwali haitofautiani na "hana". Maombi yakiwa mia tatu, sina muda wa kukisia.

Dada mmoja aliomba kwetu nafasi ya Afisa Ufuatiliaji na Tathmini, kituo Dodoma. Tangazo lilitaka uzoefu wa kukusanya takwimu kwa KoboToolbox na kusimamia wakusanyaji. Kwenye wasifu wake aliandika: "Nilihusika na ukusanyaji wa takwimu za mradi." Nikampa 1 kwenye safu moja, 0 kwenye nyingine. Hakuitwa. Baada ya miezi saba nafasi kama hiyo ilitoka, akaomba tena akiwa kazi ile ile, mradi ule ule. Safari hii aliandika: "Niliunda dodoso la maswali 42 kwenye KoboToolbox, nikafundisha wakusanyaji 6, tukafikia kaya 380 katika kata 4. Kila jioni nilikagua fomu na kurudisha zenye kasoro kabla ya kuondoka kijijini." Safu zote mbili nikampa 2. Uzoefu wake haukuwa umeongezeka hata kidogo. Ile sentensi ya fomu za jioni ilinionyesha mtu aliyefanya kazi hiyo kwa mikono yake, kwa sababu kasoro ikigundulika mkishafika mjini, kaya ile huipati tena.

Kwa hiyo kama ulianguka kwenye karatasi, chukua tangazo la zamani, liweke kando ya wasifu ule ule uliotuma, ujipe alama mwenyewe safu kwa safu. Ukikuta una 0 kwenye kitu unachokiweza, omba tena hata kesho. Ukikuta 0 kwenye kitu usichokiweza na ambacho tangazo limesema ni lazima, subiri ukipate kwanza. Tangazo likirudiwa ndani ya wiki chache, lisome mpaka chini. Mara nyingine huwa limeandikwa kwamba walioomba awali wasiombe tena, maana maombi yao bado yanahesabiwa.

Sasa nirudi kwenye wasifu wa zamani. Watu wakirekebisha maombi, wanarekebisha na tarehe. Wasifu wa kwanza unasema kazi fulani ilianza Juni 2021 ikaisha Machi 2022. Wa pili unasema 2020 hadi 2022. Karani wa takwimu amekuwa Meneja wa Takwimu, mwajiri ni yule yule. Nafungua karatasi zote mbili, na kuanzia hapo siamini hata yale ya kweli. Hilo ndilo linalochafua jina, pamoja na cheti cha kughushi, na kukubali kazi kisha kutotokea siku ya kwanza. Kama tarehe ya mwanzo ilikosewa kweli, sema kwenye barua kwa sentensi moja: kwenye maombi yangu ya awali niliandika mwezi kimakosa, sahihi ni huu. Nimewaita watu walioandika hivyo bila wasiwasi wowote.

Na usiombe nafasi nne kwa pamoja, ya uhasibu, ya ugavi, ya mradi na ya ofisi. Tunaona zote.

Waliofika mbele ya jopo ndio ninaowahimiza zaidi kuomba tena, na hapa nikiri jambo. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili mara nyingi ni alama mbili tatu, na sina uhakika alama hizo zinapima nini. Mtu anayeingia saa tisa alasiri anakuta jopo limechoka, limeshasikia jibu hilo hilo mara sita. Mara nyingine mfadhili ameongeza sharti dakika za mwisho, au kuna mtu wa ndani anayeikaimu nafasi tangu mwaka jana. Hayo hutayasoma kwenye barua pepe ya "tunasikitika". Unaweza kuuliza, na ukiuliza, uliza kitu kinachojibika: "Ni kigezo gani kilinipunguzia alama?" Ukiuliza kwa nini ulikataliwa, ofisi itaogopa mgogoro na itanyamaza.

Yule dada alikuwa wa pili. Kwetu orodha ya akiba hukaa miezi sita. Ikipita, hata ungekuwa umekosa kwa nusu alama, lazima uombe upya, na jopo jipya halikujui. Ilipita. Mwezi huu ameomba kwa mara ya tatu, na barua yake imeanza hivi: "Niliomba nafasi kama hii mwezi Machi nikafika usaili wa mwisho. Niliulizwa namna ya kuhakiki ubora wa takwimu nikajibu kwa nadharia. Tangu hapo nimesimamia zoezi la kurudia asilimia 10 ya kaya, na ninaambatanisha ukurasa mmoja wa tulichokuta." Jopo lenye karatasi ile mkononi lina swali la kwanza la kumuuliza tayari. Usaili ni Alhamisi ijayo, na safari hii mimi simo kwenye jopo.