Maji yasiyoingia kwenye ndoo

Ukitaka kujua kama kituo cha kuchotea maji kijijini kwenu kitadumu, usianze kwa kutazama koki. Zunguka nyuma ya kioski na uangalie pale sakafu ya zege inapokutana na udongo. Pakiwa pakavu na udongo umelingana na ukingo wa zege, kituo kina afya. Ukikuta tope, nyasi mbichi katikati ya kiangazi, au pengo chini ya zege ambalo vidole vinaingia, basi kituo hicho kimeshaanza kuumwa hata kama maji yanatoka vizuri.

Nieleze kwa kituo kimoja nilichoitwa kukikagua katika nyanda kavu za Tanzania ya kati. Niliitwa kwa sababu ya pesa. Mita ya kioski ilionyesha kwamba mwezi ule zimepita uniti 96. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, na kijiji kilikuwa kinauza ndoo kwa shilingi 50. Kwa hiyo zilitakiwa ndoo 4,800, shilingi 240,000. Mhudumu alikuwa amekabidhi shilingi 171,000, ambazo ni ndoo 3,420. Ndoo 1,380 hazikujulikana zilikokwenda, na kamati ilikuwa tayari imeshaamua ni nani amezila.

Mama yule mhudumu alinionyesha daftari lake. "Mtaalamu, mimi kila ndoo naandika kijiti. Hayo mengine wayatafute wenyewe."

Tukafanya jaribio ambalo kijiji chochote chenye mita kinaweza kulifanya bila fundi. Saa moja jioni tulifunga koki zote mbili, tukasoma mita mbele ya mwenyekiti wa kamati, tukafunga mlango. Saa moja asubuhi, kabla ndoo ya kwanza haijajaa, tukasoma tena. Mita ilikuwa imesogea karibu lita 450. Kwa saa 24 ni kama lita 900, na kwa mwezi ni uniti 27. Pengo la daftari lilikuwa uniti 27 na ushee. Mwizi alikuwa chini ya sakafu.

Tulipovunja zege tulikuta kiwiko cha bomba, pale bomba linapopinda kupanda kwenye nguzo ya koki, kimepasuka kwenye nyuzi zake. Kiwiko hakikuoza. Kilivutwa. Sakafu ilikuwa imezama upande mmoja kwa kiasi cha upana wa vidole viwili, na bomba lilikuwa limefungwa ndani ya zege bila nafasi, kwa hiyo zege liliposhuka lilishuka nalo. Sakafu ilizama kwa sababu maji yaliyomwagika miaka kadhaa yalikuwa yanatiririka ukingoni na kuchimba udongo wa chini. Yalitiririka ukingoni kwa sababu shimo la kunyonya maji lilikuwa limejaa na halinyonyi chochote.

Hasara ya pesa si yote. Pampu inapozimwa na bomba kubaki tupu, tundu lililokuwa linatoa maji linaweza kuyavuta ndani. Tope lililo chini ya sakafu, pamoja na kinyesi cha mbuzi waliokuja kunywa pale, huingia kwenye bomba na kutoka kwenye ndoo ya kwanza ya asubuhi.

Maji yanayomwagika ni mengi kuliko tunavyodhani. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, kila mmoja apate lita 25 kwa siku, na asitembee zaidi ya mita 400. Hizo ni lita 6,250, au ndoo kama 312. Chukua kwamba kila ndoo inamwaga lita moja tu, ukijumlisha kusuuza na kufurika. Ni lita 312 kila siku, zaidi ya pipa moja na nusu, zote zinaangukia mahali pamoja. Sakafu inajengwa kwa ajili ya pipa hilo na nusu. Watu hudhani ni ya kuweka ndoo tu.

Sakafu nzuri huanza chini. Ng'oa udongo wa juu wenye mizizi, panga mawe, shindilia mpaka yasichezecheze. Juu yake mwaga zege la sentimita 10 kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Pembezoni pote chimba mtaro wa sentimita 30 kwenda chini na ujaze zege lilelile, ili ukingo uwe na mguu. Mguu huu ndio uliokosekana kwenye kituo nilichokisimulia, na ndio ambao mafundi wengi huuruka kwa sababu ukishafukiwa hakuna anayeuona. Bomba linapopita kwenye sakafu, livishe kipande cha bomba kubwa zaidi, ili zege likishuka kidogo lisiguse kitu.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea upande mmoja wenye mfereji. Fundi akikwambia kwa macho panateremka, weka ubao mnyoofu na pimamaji juu ya zege likiwa bado bichi kiasi cha kurekebishika, uone. Dimbwi la kina cha sarafu leo ni ukoga wa kuteleza kesho. Zege likishakauka juu, lifunike kwa magunia na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba zisizopungua, na watu wasichote hapo. Hapa ndipo kamati hushindwa, maana maji yapo na watu wana kiu. Ni afadhali kutundika koki ya muda pembeni kuliko kufungua sakafu ya siku mbili.

Pale ndoo inapotua chini ya koki, ongeza tabaka la zege lenye saruji zaidi, au weka jiwe bapa gumu. Ndoo iliyojaa ina kilo 20, na inatua pale mamia ya mara kwa siku. Jenga pia kizingiti cha kimo cha kiuno pembeni, ili mchotaji apumzishe ndoo kabla ya kujitwisha. Wakikikosa hicho, watapandisha ndoo kwa kuegemea nguzo ya koki, na nguzo italegea.

Kuhusu mfereji, nitasema jambo moja tu. Shimo la kunyonya maji hufanya kazi kwenye udongo wa kichanga. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, shimo ni birika. Kabla ya kuchimba, toboa tundu la sentimita 30, lijaze maji lilowe, lijaze tena, kisha subiri saa moja. Maji yakiwa hayajashuka hata kidogo, acha shimo. Peleka mfereji wa zege mbali, kwenye migomba au bustani, na uwekee kisanduku cha kunasa mchanga ambacho mhudumu atakizoa kila wiki. Ndivyo tulivyofanya pale kijijini. Ng'ombe nao wajengewe mbauti yao, mbali na sakafu, kwa maji ya bomba lenyewe na si mabaki.

Sasa koki. Dukani utaonyeshwa za aina mbili hasa. Kuna ya kuzungusha, yenye washa ya mpira ndani, na ya mkono, ile unayoigeuza robo duara tu. Ya mkono inapendwa kwa sababu inafunguka haraka na inapitisha maji mengi. Lakini ndani yake kuna tufe linalozunguka kati ya pete mbili laini, na maji yenye mchanga huzikwangua. Ikianza kuvuja, kwa kawaida huitengenezi, unaitupa. Tena watu huifunga kwa kishindo, na pigo hilo la maji husafiri kwenye bomba mpaka kwenye viungo. Kwa kijiji chenye kisima kinachotoa mchanga kidogo na kilicho mbali na duka, mimi huchagua ya kuzungusha, ya robo tatu inchi, ya shaba, nyeupe kwa nje na njano ndani. Kuijua, kwangua kidogo kwenye nyuzi: njano ni shaba, kijivu ni madini hafifu yatakayokatika shingo. Koki za kujifunga zenyewe kwa springi sizipendi kwenye vioski. Siku ya tatu utakuta imefungwa kamba ya mpira ibaki wazi.

Koki mbili zinatosha kwa watu 250 ikiwa kila moja inatoa lita 12 kwa dakika. Ndoo itajaa kwa dakika 1 na sekunde 40. Ongeza nusu dakika ya kubadilishana, na kila koki itamaliza ndoo zake 156 kwa saa tano na nusu hivi. Pima kwa simu yako. Ndoo ikianza kuchukua dakika tatu, usikimbilie kubadili koki. Angalia kwanza kama valvu ya kwenye chemba ya mita imefunguliwa yote, kisha kichujio cha mita, maana mchanga hupenda kukaa hapo.

Koki ikidondosha tone moja kila sekunde, inapoteza karibu ndoo nzima kwa siku. Wachotaji huijibu kwa kukaza zaidi, na washa inakatwa. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Funga valvu ya kwenye chemba, fungua koki iishe maji, kisha tumia spana mbili: moja ishike mwili wa koki, nyingine ifungue kichwa. Ukitumia moja, unalizungusha bomba zima ndani ya nguzo, na unarudi kwenye kiwiko kile kilichopasuka. Washa ya zamani utaikuta ina alama ya duara iliyozama. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole kwenye kitako chake ndani ya koki. Ukihisi mkwaruzo, washa mpya itavuja ndani ya wiki, na dawa ni kubadili koki. Tafadhali usikate washa kwenye kandambili. Nimezitoa nyingi, sponji ile husinyaa kwa siku chache.

Mhudumu awe na kisanduku chenye washa kumi, koki nzima moja, tepu ya kuzungushia nyuzi na spana hizo mbili, na ufunguo wa chemba ya mita ukae kwake, si kwa mwenyekiti anayesafiri. Wengine huniambia vitaibiwa. Vikiandikwa kwenye daftari lilelile la ndoo, wizi utaonekana mwisho wa mwezi.

Kijiji kile kilirudia jaribio la usiku baada ya matengenezo, na mita haikusogea. Mwezi uliofuata pengo kati ya mita na daftari lilikuwa uniti mbili, ambazo mhudumu alizieleza bila kuulizwa: maji ya kuoshea sakafu kila jioni. Kamati ilikubali kuziandika kama matumizi ya kituo, na mama yule akarudishiwa pesa alizokuwa amekatwa miezi iliyopita kwa ajili ya ndoo zilizopotea.