Sare ya mwanafunzi na kiti cha saluni

"Saluni yangu iko Kihesa, Iringa. Ijumaa na Jumamosi wateja wanasubiri hadi nje, Jumanne na Jumatano wasusi wanachati tu. Nikiwapunguzia bei wanachuo na wamama wastaafu siku hizo, wateja wangu wa Jumamosi hawataniona nimeshuka?"

Hawatakuona hivyo, ilimradi punguzo lako liwe na uzio. Uzio ni sababu ambayo kila mtu anaiona, na ambayo mteja wa Jumamosi hawezi kuivuka bila kubadilisha kitu katika maisha yake. Punguzo lenye uzio linaweza kuwa kubwa na jina likabaki palepale. Punguzo la kila mtu, hata likiwa dogo, hula jina.

Mimi niliamini kinyume cha hayo kwa muda mrefu. Nilidhani hatari iko kwenye ukubwa: asilimia 30 inakushusha, asilimia 10 haina neno. Dada yangu alikuwa na saluni Mwanjelwa, Mbeya, nami ndiye niliyekuwa namwandikia hesabu. Biashara ilipopoa katikati ya wiki nilimshauri aweke bango mlangoni la punguzo la asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Halikutaja siku wala halikusema ni la nani. Wiki mbili za kwanza viti vilijaa, tukafurahi.

Wiki ya tatu, Jumamosi, aliingia mama mmoja aliyekuwa akitengenezwa nywele pale kwa miaka. Hata kabla hajakaa akauliza, "Leo mnachaji ngapi?" Hakuwahi kuuliza hivyo kabla, alikuwa akimaliza, anafungua pochi, analipa. Mwezi ulipoisha tukatoa bango, na wateja walewale wakaanza kulalamika kwamba tumepandisha bei. Tukajaribu bango la asilimia 10, nalo likazaa swali lilelile. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nilikuwa nahesabu kitu kisicho chenyewe.

Mteja wa kawaida hajui stimu inagharimu kiasi gani. Hajui bei ya dawa kwa kopo, wala umeme ambao draya inakula. Alicho nacho ni namba moja kichwani, aliyoijenga kutokana na bei alizolipa na bei alizoziona, na kila bei mpya anaipima kwa hiyo. Bango la kila mtu huingia moja kwa moja kwenye namba hiyo na kuishusha. Ukishalitoa, bei yako ya zamani haionekani tena kuwa bei ya zamani. Inaonekana imepanda.

Sasa panda daladala ya kutoka Kihesa kwenda mjini asubuhi. Kiti kimoja amekaa mtu mzima aliyelipa nauli kamili, kando yake yuko mtoto wa sekondari aliyelipa nauli ya mwanafunzi, ambayo mamlaka ya usafiri, LATRA, imeiweka chini zaidi. Gari ni hilohilo, mwendo ni uleule, na wote wawili wanajua mwenzake kalipa nini. Sijawahi kumsikia mtu mzima akimwambia konda kwamba nauli halisi ni ile ya mtoto na kwamba yeye anaibiwa. Hiyo nauli ndogo inatajwa mbele yake kila siku, lakini haigusi namba iliyo kichwani mwake.

Kinachoilinda ni sare. Sare inaeleza sababu bila mtu kusema neno: huyu ni mwanafunzi, hana kipato. Mtu mzima hawezi kuivaa ili aokoe shilingi mia kadhaa. Tena akiwa na mtoto shuleni, punguzo lile lile linamsaidia na yeye, kwa hiyo halimchomi. Namba yake inabaki salama kwa sababu bei ile imeandikwa jina la mtu mwingine.

Kwa saluni yako, kitambulisho cha chuo ndiyo sare. Mwanachuo wa Mkwawa au wa Chuo Kikuu cha Iringa anacho tayari, huhitaji kumtengenezea kadi. Siku ni uzio wa pili: Jumanne na Jumatano, saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana. Mfanyakazi wa benki au mwalimu anayekuja Jumamosi hawezi kuhamia Jumatano saa nne bila kuomba ruhusa kazini. Weka vyote viwili pamoja. Kitambulisho peke yake kitakuletea wanachuo Jumamosi, siku ambayo kiti kile ungekiuza kwa bei kamili.

Kuna uzio mwingine ambao nakusihi usiujenge. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa, Jules Dupuit, alieleza kwa nini kampuni za reli zilikuwa na mabehewa ya daraja la tatu yasiyo na paa. Paa halikuwa ghali. Lengo lilikuwa kumtisha mwenye uwezo wa kulipa daraja la pili asithubutu kupanda la tatu, na maskini akanyeshewa kwa ajili hiyo. Nimeona jambo hilohilo saluni: mwanachuo anapewa mwanafunzi wa ususi, au anaoshwa kwa maji ya baridi, na huo ni mwezi wa Julai Iringa. Ubaridi ule hukaa kichwani na hukaa kwenye kumbukumbu, na huyo binti miaka miwili baadaye ndiye anaanza kazi mjini hapohapo. Punguza bei, huduma iache ilivyo.

Rudi kwa konda. Sote tunajua anavyowaacha wanafunzi kituoni asubuhi: kichwa kimoja cha mtu mzima kinamletea zaidi, naye ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri. Msusi wako yuko katika nafasi hiyohiyo kama unamlipa kwa asilimia ya kila kichwa. Tuchukue mfano. Kuosha, stimu na kuseti ni shilingi 15,000. Shampuu, dawa ya stimu, maji na umeme vinachukua 3,000. Msusi anapata asilimia 40, yaani 6,000, na wewe unabaki na 6,000. Ukimtoza mwanachuo 12,000 na kumwachia msusi asilimia zake, yeye anapata 4,800 kwa kazi ileile na muda uleule. Kesho yake utamsikia akisema anaumwa mgongo, au mwanachuo atakalishwa kwenye benchi saa nzima wakati viti vipo.

Ushauri wangu ni umwachie msusi 6,000 zake zote na punguzo ulibebe wewe. Unabaki na 3,000 kwa kichwa, na ni kidogo, lakini kile kiti Jumanne kilikuwa kinakuingizia sifuri na kodi ya fremu inalipwa vilevile.

Hapo sasa linakuja swali la wanaohama. Mteja ambaye angekuja Jumamosi kwa bei kamili, na badala yake akaja Jumanne kwa punguzo, kwa hesabu hii anakupunguzia 3,000. Mgeni kabisa anakuongezea 3,000. Maana yake, kati ya wateja kumi wa Jumanne, wageni wakizidi watano uko salama. Ila hesabu hii ni ya saluni ambayo Jumamosi haijai. Yako inajaa, na bila shaka wapo wanaochungulia, wanaona foleni, wanaondoka. Akihama mmoja wa Jumamosi, kiti chake kinachukuliwa na huyo aliyekuwa anaondoka, wewe unapata 6,000 zako kama kawaida na juu yake 3,000 za Jumanne. Kwako, mhamaji ni faida. Mimi na dada tulikuwa tunawaogopa watu hawa bila kuhesabu.

Kuhusu kulitangaza, bei iliyoandikwa ukutani ibaki moja, 15,000, siku zote saba. Chini yake andika kwa herufi ndogo kwamba mwenye kitambulisho cha chuo analipa 12,000 Jumanne na Jumatano. Usigeuze ukasema bei ni 12,000 na Jumamosi inaongezeka, hata kama fedha ni zilezile. Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majibu ya watu wa Kanada waliohojiwa kwa simu kuhusu muuza magari ambaye gari lake limekuwa adimu. Walioambiwa kwamba ameongeza dola 200 juu ya bei yake ya kawaida, asilimia 71 walisema si haki. Walioambiwa kwamba alikuwa akitoa punguzo la dola 200 na sasa ameliondoa, asilimia 58 walisema ni sawa. Ni majibu ya maswali ya kufikirika, tena ya mbali na kwetu, kwa hiyo usichukue asilimia hizo kama za Iringa. Lakini mwelekeo wake ndio nilioushuhudia Mwanjelwa.

Wamama wastaafu wanataka uzio wa namna nyingine. Sera ya taifa inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, ilhali mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na 55, na huyo ana asubuhi nyingi zilizo wazi. Sasa fikiria binti wa mapokezi anasema, "Shikamoo mama, naomba kitambulisho nione umri," mbele ya watu, kwa mama aliyekuja apendeze. Kwao tumia saa peke yake, usiguse umri. Jumatano saa mbili hadi saa tano asubuhi, atakayekuja analipa bei kamili na anaongezewa kitu, mathalani kukandwa kichwa na mabega kwa dakika kumi. Saa ndiyo itakayokuchagulia wateja, kwa sababu aliye kazini hawezi kufika. Bei haijaguswa, na hakuna aliyeulizwa miaka.

Uzio wa chuo una msimu. Vyuo vikifunga, Jumanne zako zitarudi kuwa tupu hata kama umefanya kila kitu sawa, na bumu likiingia wanachuo wengi watakuja Jumamosi na kulipa kamili bila kuuliza. Usiongeze punguzo katika vipindi hivyo ukidhani limechoka.

Chukua daftari la kawaida, kwa wiki nane andika kila mteja wa Jumanne na Jumatano: amelipa ngapi, amewahi kuja kabla, na kama aliwahi, ilikuwa siku gani. Pembeni weka alama kila mara mteja wa Jumamosi anapouliza bei kabla ya kukaa. Alama moja au mbili kwa mwezi ni kawaida, watu huuliza. Zikianza kuongezeka wiki hadi wiki, uzio umevuja mahali, na mara nyingi utakuta binti wa mapokezi amekuwa akiwapa 12,000 marafiki zake siku yoyote, au kuna picha ya bei ya wanachuo kwenye stetasi ya saluni ambayo haikutaja siku wala kitambulisho.