Unapotaka kurudisha trekta kabla mkataba haujaisha: hesabu mbili za kufanya kwanza

Kosa linalowagharimu watu pesa nyingi hufanyika siku ileile ya kurudisha mashine. Mkulima kashindwa na awamu, anapigia kampuni simu, anaambiwa alete trekta na asaini fomu moja tu. Anasaini. Miezi mitatu baadaye anapata barua: trekta limeuzwa mnadani kwa bei ya chini, na salio lililobaki ni lake. Huku akidhani amemalizana nao.

Hapa naongelea Kenya, na mkataba wa kukodi hadi kununua: unatoa dipoziti, unalipa kwa awamu, na mali inabaki ya kampuni mpaka awamu ya mwisho. Mikataba hii ina sheria yake, Sura ya 507, na sheria hiyo inampa aliyekodi haki ya kuvunja mkataba mwenyewe wakati wowote kabla awamu ya mwisho haijafika. Ila ina mipaka miwili ambayo wengi hawaijui. Bei yote ya mkataba isizidi shilingi milioni 4, na aliyekodi asiwe kampuni. Ukisaini kwa jina lako, hata kama una biashara, umo. Ukisaini kwa jina la kampuni yako uliyosajili, haumo, na kilichobaki ni maneno ya mkataba wenyewe.

Kabla ya yote, toa mkataba kabatini uusome kichwa chake na ukurasa wa dhamana. Watu huita kila mashine ya kulipia polepole kwa jina moja, lakini nyingi za benki ni mkopo wa kawaida: mashine ni yako, benki imeishikilia kama dhamana. Dalili yake kubwa ni neno “mkopo” au “mkopaji” kila ukurasa. Kwa mkopo wa aina hiyo haki ninayoieleza hapa haipo. Ukirudisha, mashine inauzwa, na pengo linakufuata.

Sasa hesabu ya kwanza, ninayoiita hesabu ya nusu. Ukivunja mkataba wa kukodi hadi kununua, sheria inakutaka ulipe awamu zote zilizokwisha kufika siku zake, kisha uongeze kiasi cha kufikisha jumla kwenye nusu ya bei yote ya mkataba. Kama mkataba umetaja kiasi kidogo zaidi, unalipa hicho kidogo. Bei yote ya mkataba ni dipoziti pamoja na awamu zote, riba ikiwa ndani. Bei ya dukani siyo.

Tuchukue trekta lenye bei ya dukani shilingi 2,000,000. Dipoziti ni 400,000. Zimebaki 1,600,000, kampuni imeongeza riba na gharama za 560,000, zikawa 2,160,000 za kulipwa kwa awamu 36 za shilingi 60,000. Bei yote ya mkataba basi ni 2,560,000, na nusu yake ni 1,280,000. Mkulima amelipa awamu 12 bila kuchelewa. Ukijumlisha na dipoziti ametoa 1,120,000. Ili afike nusu anahitaji 160,000. Akirudisha trekta likiwa katika hali nzuri na kulipa hizo 160,000, deni limekwisha. Trekta likiuzwa mnadani hata kwa bei ya chuma chakavu, hasara hiyo ni ya mwenye mali.

Tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Awamu tatu zijazo ni 180,000, na ya tatu inamvusha nusu. Kwa hiyo akingoja miezi mitatu na kulipa kama kawaida, anarudisha bila kuongeza senti, na tofauti na kurudisha leo ni shilingi 20,000 tu. Kama miezi hiyo mitatu ni ya kulima, na ana mashamba ya watu ya kulimia, angoje. Kama ni ya trekta kukaa tu chini ya mwembe, arudishe leo. Na akishavuka nusu asiendelee kulipa “ili mambo yatulie”: kilichozidi nusu hakirudishwi.

Mtego uko kwenye malimbikizo. Wengi husikia neno “nusu” wakadhani mtu akivuka nusu ya bei basi madeni yote yamefutika. Hapana. Awamu iliyofika siku yake kabla hujavunja mkataba unadaiwa yote, hata kama jumla imepita nusu. Mkulima wetu akiwa amelipa awamu 14, yaani 1,240,000 pamoja na dipoziti, kisha akanyamaza hadi awamu ya 17 ikapita, anadaiwa awamu tatu kamili, 180,000. Angeandika notisi mara tu baada ya kulipa ile ya 14, angeongeza 40,000 basi. Kunyamaza miezi mitatu kumemgharimu 140,000, na trekta huenda halikusogea. Ndiyo maana nasema notisi iandikwe kabla ya tarehe ya awamu inayofuata, hata kama kesho yake ndiyo tarehe.

Hesabu ya pili ni ya kumaliza deni mapema na kuuza trekta mwenyewe. Watu huiruka kwa sababu kiasi kinatisha, lakini mara nyingi ndiyo njia yenye nafuu. Awamu 24 zilizobaki ni 1,440,000. Ukilipa zote leo hupaswi kulipa riba ya miaka miwili ambayo haijapita, kwa hiyo iandikie kampuni ikupe kwa maandishi kiasi cha kumaliza deni, tarehe kinapoishia, na namna punguzo la riba lilivyopigwa. Kuna kampuni zinazotumia kanuni ya 78. Jina limetoka kwenye mwaka mmoja: 1 mpaka 12 ukizijumlisha unapata 78. Kwa miezi 36 jumla ni 666, na kwa miezi 24 iliyobaki jumla ni 300. Punguzo ni 560,000 mara 300, gawa kwa 666, sawa na kama 252,250. Kiasi cha kumaliza deni kinakuwa karibu 1,187,750.

Riba ingehesabiwa kila mwezi juu ya salio linalopungua, kiasi hicho kingekuwa karibu 1,171,400. Kanuni ya 78 inakula riba nyingi mapema, na hapa imemnyima mkulima kama shilingi 16,000. Siyo wizi ikiwa imeandikwa kwenye mkataba. Lakini ukiletewa 1,440,000 nzima, au 1,440,000 ukitoa kitu kidogo “cha heshima”, rudisha barua uulize punguzo liko wapi.

Sasa weka hesabu mbili pamoja. Kurudisha kunamgharimu 160,000. Kumaliza deni kunamgharimu 1,187,750, lakini anabaki na trekta. Toa ya kwanza kwenye ya pili: 1,027,750. Hiyo ndiyo bei ya mpaka. Akipata mnunuzi wa kweli wa zaidi ya hapo, afadhali amalize deni na kuuza. Chini ya hapo, arudishe. Nasema mnunuzi wa kweli, mwenye pesa benki, siyo bei iliyoandikwa kwenye tangazo. Na mauzo yafanyike kwa kampuni kujua: mnunuzi analipa kampuni moja kwa moja kiasi cha kumaliza deni, kinachozidi anakupa wewe, na logibuku inatoka baada ya hapo. Kuuza mali ambayo bado si yako ni kesi nyingine kabisa.

Ukiamua kurudisha, notisi yako itangulie fomu yao. Haihitaji urefu:

“Mimi, niliyekodi trekta lenye namba ya usajili na ya chesi zilizotajwa kwenye mkataba wetu wa tarehe fulani, navunja mkataba huo kwa haki niliyopewa na Sheria Sura ya 507. Nitalirudisha trekta tarehe fulani. Awamu zote zilizofika siku zake nimelipa. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kiasi kinachobaki kufikisha nusu ya bei ya mkataba.”

Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Ukiwa nayo, fomu ya kampuni haiwezi kukugeuza mtu aliyenyang'anywa mali kwa kushindwa kulipa. Fomu hizo huwa na sentensi moja ya kutafuta: kwamba unaruhusu mashine iuzwe na unakubali kubeba upungufu. Ikate kwa kalamu na utie sahihi pembeni, au usisaini. Andika karatasi yenu ya makabidhiano.

Makabidhiano ndiyo sehemu ya pili ya ugomvi, kwa sababu sheria inakudai pia uharibifu uliotokana na kutoitunza mashine. Kuchakaa kwa kawaida hakuhusiki. Tairi zilizolika kwa kulima ni kuchakaa. Blok ya injini iliyopasuka kwa kukosa maji kwenye rejeta ni uzembe. Siku hiyo piga picha mita ya masaa ikisomeka, namba ya chesi, tairi zote nne, na chini ya injini mahali mafuta yanapovuja au hayavuji. Washa mbele ya mpokeaji, inua mikono ya haidroliki ikiwa na plau, zungusha shafti ya nyuma, na video ichukuliwe mfululizo bila kukatwa. Kisha orodha: funguo, jeki, plau kama ilikuwa ndani ya mkataba, pini za kuunganishia. Pini ni kitu kidogo, lakini nimeona ankara zinazoanza na pini. Anayepokea aandike jina, aweke sahihi na saa. Kama trekta linasafirishwa kwa lori, picha zipigwe kabla ya kupandishwa na baada ya kushushwa.

Bima usiifute mpaka uwe na karatasi hiyo mkononi; likigongwa njiani, bado liko kwako. Agizo la benki la kukata awamu lisimamishe siku hiyohiyo, na hundi za tarehe za mbele uzidai zirudi zote, ukizihesabu kwa namba.

Kwa waliokodi kwa mkataba wa karadha, yaani wa kutumia mashine ya kampuni kwa kulipa kodi ya awamu, Kenya au Tanzania, habari ni ngumu zaidi. Karadha nyingi zimeandikwa kwamba ukishapokea na kuikubali mashine huwezi kujitoa: kodi zote zilizobaki zinadaiwa, hata mashine ikikaa bila kazi. Hapo hakuna nusu ya kukimbilia. Unachojadili ni mambo mawili: kodi za mbele zipunguzwe kwa riba ambayo haijapita, na bei ambayo mashine itauzwa itolewe kwenye deni lako. Mkataba ukinyamaza juu ya hilo la pili, lipate kwa barua kabla mashine haijaondoka uani kwako.

Mwisho omba barua ya kufunga akaunti inayosema salio ni sifuri na mdhamini wako ameachiliwa, kwa jina lake. Baada ya mwezi au miwili omba taarifa yako ya CRB, yaani ofisi inayoweka kumbukumbu za madeni ya watu. Akaunti ikionekana bado ina deni, ipeleke barua hiyo pamoja na karatasi ya makabidhiano na uandike kwamba unapinga taarifa hiyo.