Doti na kros prodakti kwenye spana ya tairi

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa injinia wengi wanajua kukokotoa doti na kros prodakti ila ukiwauliza jibu linamaanisha nini wananyamaza, kwa hiyo leo tuchukue spana tu. Nati ya tairi ipo kwenye asili, z inatoka kwenye nati kukujia wewe fundi, spana ina urefu wa mita 0.4 kuelekea x, na mkono wako unavuta kidogo pembeni:

```
r = (0.4, 0, 0) m
F = (60, 80, 20) N
```

Anza na doti. Unazidisha x kwa x, y kwa y, z kwa z halafu unajumlisha, unapata 24, namba tupu isiyo na mwelekeo. Gawa kwa urefu wa r unapata 60, yaani niutoni 60 za kani yako zinavuta spana kwa urefu wake, nati hazizungushi hata kidogo. Ukigawa kwa urefu wa F pia (kama 102) unapata kosaini ya pembe, 0.588, ambayo ni digrii 54 hivi. Pembe itafute kwa doti jamani, maana saini ya 54 na ya 126 ni ileile na kros haitakwambia ni ipi.

Sasa kros, r × F, inatoa vekta iliyo wima kwa zote mbili, na urefu wake ni eneo la msambamba unaochorwa na r na F:

```
r × F = (0, -8, 32) N·m
```

Ile 32 ndiyo inayozungusha nati. Ni chanya, basi elekeza dole gumba la mkono wa kulia kwako na vidole vitajikunja kinyume cha saa, kwa hiyo nati ya kawaida inafunguka. Ile -8 inatokana na zile niutoni 20 unazovutia kwako, inapindisha spana itoke kwenye nati, ndiyo maana spana huwa inachomoka ukivuta vibaya. Na ukitaka sehemu ya kufungulia peke yake, piga doti ya jibu hili na (0, 0, 1), inabaki 32.

Kosa ninaloliona sana kwenye mitihani ni kusahau alama ya kutoa kwenye j ukitumia determinanti, mtu anaandika (0, 8, 32). Kulikamata ni rahisi, piga doti ya jibu lako na F, lazima iwe sifuri: 80 × (-8) + 20 × 32 = 0 sawa, ila lile la makosa linatoa 1280. Rudia na r pia, japo hapa r peke yake isingekamata kosa kwa sababu y na z zake ni sifuri. Kipimo hiki hakikamati kosa la kugeuza mpangilio lakini, F × r inatoa (0, 8, -32) ambayo nayo ni wima kwa zote mbili, ila sasa inasema nati inakaza.