Mayai umeacha, ini halijaacha kazi

"Daktari, mayai nimeacha miezi mitatu sasa. Mbona kolesteroli haijashuka?"

Kwa sababu sehemu kubwa haitoki kwenye trei ya mayai. Mwili wako hujitengenezea karibu gramu moja kila siku, na ini ndilo fundi mkuu, maana bila kolesteroli hakuna nyongo, hakuna homoni za uzazi, na seli hazina kuta imara. Kiini cha yai moja kina kama miligramu 200, na utumbo hufyonza karibu nusu yake tu. Ikiingia nyingi kutoka kwenye chakula, ini hupunguza kutengeneza. Ukiinyima, linaongeza. Wapo wachache ambao damu yao hupanda zaidi wakila mayai, lakini wengi hawaoni tofauti kubwa.

"Kumbe chipsi zege ruksa?"

Sikusema hivyo! Tatizo la zege ni mafuta ya kikaangio kuliko yai. Ini lina vipokezi vinavyoikamata kolesteroli mbaya, LDL, na kuiondoa kwenye damu. Samli, mawese, tui zito na mafuta ya nyama hupunguza kazi ya vipokezi hivyo, kwa hiyo LDL inabaki ikizunguka. Na lile neno "haina kolesteroli" kwenye dumu la mafuta lisikubabaishe: mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika, hata yale yanayoipandisha ya kwako.

"Mama ameacha mayai na nyama, akaona dawa hazina kazi tena. Kuna ubaya?"

Upo, tena mkubwa. Dawa za statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea kolesteroli. Zikiisha mwilini, fundi anarudi kazini, hata kama mama anakula mchicha mtupu.

Mgonjwa wangu mmoja, mwenye kisukari, alianza na LDL ya 4.9. Akaacha mayai, dawa akaziweka kabatini. Baada ya miezi mitatu alikuja anatabasamu. Kipimo kikasoma 4.6. Tukamrudisha kwenye atovastatini miligramu 20, akafika 2.8. Mayai anakula.

"Lakini hasikii maumivu yoyote."

Hata yule hakusikia. Kolesteroli haiumi, wengi huitambua siku ya kiharusi, na hapo ndipo familia inaniletea kadi ya kliniki yenye tarehe ya mwaka juzi. Asiache dawa. Misuli ikimuuma, aje tubadilishe dozi au aina. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, aje siku hiyo hiyo. Kuacha kimyakimya, hapana.

"Anywe asubuhi au usiku?"

Simvastatini jioni, kwa kuwa ini hutengeneza zaidi usiku na dawa hiyo haikai mwilini muda mrefu. Atovastatini saa yoyote, mradi iwe ile ile kila siku.