Maana ya Boriti za Sindano: Kufungua Mlango Katika Ukuta Uliokwisha Kujengwa

Katika miji yetu ya Uganda, kuanzia Jinja hadi Arua, kila anayetaka kuunganisha vyumba viwili vya duka au kuongeza mlango nyuma ya nyumba huambiwa na fundi kwamba kazi ni ndogo: "Tutaweka propu, tutakata, tutaweka linta." Neno hilo propu limekuwa likibeba kazi mbili zisizofanana, na kwa sababu hiyo nimeona miti ya mkaratusi imepangwa vizuri kabisa chini ya slabu, pande zote mbili za ukuta, huku matofali yaliyo juu ya mlango unaokatwa yakiwa hayajashikwa na kitu chochote. Mwenye nyumba hutazama miti ile na kuamini kwamba ukuta wake umeegemezwa, kumbe kilichoegemezwa ni slabu peke yake.

Boriti ya sindano ni boriti fupi ya mbao ngumu au ya chuma inayopenyezwa katika tundu la ukuta, juu kidogo ya mahali linta itakapokaa, ikatokeza pande zote mbili, na kila ncha yake ikasimamishwa juu ya nguzo ya muda. Kazi yake ni kubeba matofali yaliyo juu yake hadi linta iweze kuyabeba. Propu ya slabu, kwa upande wake, husimama kando ya ukuta na kushika sakafu ya juu kwa boriti ya mlalo iliyo kichwani mwake. Haigusi tofali hata moja.

Tofauti hiyo inaonekana wazi tukiipima. Tuchukue nyumba ya zamani ya ghorofa moja mjini Jinja, yenye maduka chini na makazi juu, ambayo ukuta wake wa kati una unene wa milimita 230 na umejengwa kwa matofali ya kuchoma. Kila upande una chumba chenye upana wa mita 4, slabu ina unene wa milimita 150 na imeukalia ukuta huo, dari iko mita 3 kutoka sakafuni, na hakuna ukuta mwingine uliosimama juu ya slabu mahali hapo. Mwenye nyumba anataka mlango wenye upana wa milimita 900 na kimo cha mita 2.1. Linta inahitaji kukalia ukuta angalau milimita 150 kila upande, kwa hiyo urefu wake utakuwa mita 1.2, na kama kina chake ni milimita 150, basi matofali yanayobaki kati ya linta na slabu yana kimo cha milimita 750. Ukizidisha mita 1.2 kwa 0.75 kwa 0.23, kisha kwa kilo 1,900 ambazo ni uzito wa kawaida wa mita moja ya ujazo ya ukuta wa matofali, unapata takribani kilo 390. Slabu nayo huuletea ukuta nusu ya kila chumba, yaani upana wa mita 4 kwa jumla, na kwa uzito wa zege wa kilo 2,400 kwa mita ya ujazo hiyo ni kilo 1,440 kwa kila mita ya ukuta, au zaidi ya kilo 1,700 juu ya linta yetu, kabla hujahesabu watu, vitanda na makabati.

Propu za slabu zikiwekwa ipasavyo huondoa sehemu kubwa ya hizo kilo 1,700, na hilo si jambo dogo. Lakini kilo 390 za matofali zinabaki zikining'inia juu ya vichwa vya mafundi. Ni kweli kwamba ukuta mzuri hujifanyia tao: matofali yaliyo nje ya pembetatu inayopanda kwa nyuzi 45 kutoka kona za mlango hujishikilia yenyewe, na yale ya ndani ya pembetatu peke yake, ambayo katika mfano wetu ni takribani kilo 90, ndiyo hudondoka. Mafundi wengi wameishi kwa kutegemea tao hilo bila kulijua. Tao hilo, hata hivyo, linataka ukuta wa kutosha juu na kando, na linataka mota inayoshika. Mlango ukikatwa karibu na kona ya nyumba, hakuna kinachopokea msukumo wa tao upande huo. Na katika nyumba nyingi za zamani matofali yaliunganishwa kwa udongo, si kwa saruji, na viungio vina unene wa hadi milimita 30. Hapo pembetatu haiaminiki, na hata sindano yenyewe huweza kuacha matofali ya kati yakichuruzika. Njia ya kupima ni rahisi: bandua plasta, kisha kwangua kiungio kwa msumari. Kikimwagika kama vumbi, kazi isimame hadi mhandisi aione.

Hapo hapo, plasta ikiwa imebanduliwa, tazama kama kuna mkanda wa zege unaozunguka nyumba kwenye usawa wa linta za milango mingine. Nyumba zetu nyingi zinao. Mkanda huo ukiwa mzima na una nondo za kutosha, unaweza kuwa ndio linta yako na sindano zisihitajike. Lakini kuukata ili kupata mlango mrefu zaidi ni kosa kubwa, kwa sababu ndio unaofunga kuta zote pamoja.

Sasa mpangilio wa kazi, ambao ndio hupinduliwa mara nyingi zaidi. Zinatangulia propu za slabu, kila upande, kiasi cha mita moja kutoka ukutani, zikiwa zimesimama juu ya mbao pana badala ya vigae au udongo wa kujazia, kwa maana nguzo inayodidimia milimita 5 imeacha kazi yake. Hukazwa mpaka boriti ya juu ibane slabu, na hapo fundi huacha. Akiendelea kukaza ataiinua slabu na kuipasua. Kisha hutobolewa tundu la sindano ya kwanza, lenye ukubwa wa boriti na nafasi ndogo tu ya kujazia. Kwa mlango wetu sindano mbili zinatosha, zikiwa na umbali wa milimita 600 kati yake, na tumbo la kila moja likiwa tofali moja juu ya mahali pa linta ili mikono ipate nafasi. Boriti ya mbao ngumu ya milimita 150 kwa 150, yenye urefu wa takribani mita 1.8, huingizwa na kuwekewa nguzo kila ncha, si zaidi ya milimita 600 kutoka ukutani. Tundu la pili halitobolewi kabla sindano ya kwanza haijabeba.

Kubeba ndiyo hoja. Tundu la tofali halina dari laini, kwa hiyo kati ya mgongo wa boriti na tofali lililo juu yake pana uwazi, na boriti iliyolala tu ndani ya tundu haibebi kitu. Uwazi huo hujazwa kwa vipande vya bati nene la chuma na mota kavu iliyoshindiliwa, kisha nguzo hukazwa kwa skrubu, au kwa kabari mbili zinazokutana kama nguzo ni miti. Shika nguzo kwa mkono uitikise: ikicheza, bado ukuta unajibeba wenyewe na sindano ni pambo.

Baada ya hapo hukatwa mfereji wa linta, si mlango. Hapa ndipo haraka huharibu. Fundi hupenda kuangusha ukuta wote hadi chini, aone mwanga wa chumba cha pili, ndipo atafute linta. Mfereji peke yake, wenye urefu wa mita 1.2 na kimo cha linta pamoja na milimita 30 za kushindilia, huacha ukuta wa chini ukiwa mzima, na ukuta huo huwa kitanda cha linta na msaada wa akiba jambo lolote likienda vibaya. Katika ukuta wa milimita 230 inawezekana pia kutumia linta mbili nyembamba zilizotengenezwa mapema chini: ya kwanza huingizwa upande mmoja na kushindiliwa, na ikishakauka ndipo upande wa pili hukatwa. Kila linta iandikwe neno JUU kabla zege halijakauka, kwa sababu nondo zake kuu ziko chini, na iliyogeuzwa hupasuka bila kutoa taarifa ndefu.

Linta ikishalazwa kwa pima maji juu ya tabaka la mota katika ncha zake, uwazi ulio juu yake hushindiliwa kwa mchanganyiko wa saruji kipimo 1 na mchanga vipimo 3, wenye maji machache kiasi kwamba ukiufinyanga kiganjani unashikamana lakini haukuachii unyevu. Mchanganyiko wa majimaji hunywea unapokauka, ukaacha ufa mwembamba, na siku sindano zinapotolewa ukuta hushuka hadi uzibe ufa huo. Ndiyo sababu ya ile mipasuko ya ngazi inayopanda kutoka kona za milango mipya. Ningeacha siku 7 zipite. Baadaye hukatwa mlango kuanzia juu kwenda chini, kwa grainda kwenye mistari ya pembeni ili nyundo isitikise ukuta unaobaki. Kisha sindano hulegezwa kidogo kidogo, moja baada ya nyingine, matundu yake yajengwe kwa tofali na mota kavu ile ile, na propu za slabu ziondoke mwisho. Ufa ukitokea, pakaa plasta kidogo juu yake na uandike tarehe. Plasta ikikatika siku zinazofuata, ukuta bado unatembea.

Kibali cha kamati ya ujenzi ya halmashauri kinahitajika, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013, na ukuta uliobebeshwa slabu unastahili macho ya mhandisi.

Si vibaya fundi kuendelea kuziita nguzo zote propu, kwa kuwa nguzo ni zile zile na huazimwa duka moja. Ninachoomba ni kwamba katika karatasi ya makubaliano yaandikwe mambo mawili kwa mistari miwili: propu za slabu, ni ngapi na zitakaa wapi, na boriti za sindano, ni ngapi, za ukubwa gani, na zitapita juu ya tofali la mstari wa ngapi. Karatasi yenye mstari wa kwanza peke yake irudishwe kwa fundi, kwa heshima, aongeze wa pili kabla hajashika tindo.