Je, miaka kumi ni kuchelewa kuanza fidla?

"Mwanangu ametimiza miaka kumi na ndiyo kwanza anaomba kufundishwa fidla. Naambiwa wapigaji wazuri huanza wakiwa na miaka minne. Je, tumeshachelewa?"

Hapana, isipokuwa kwa mambo mawili, na ni vizuri mzazi ayajue mapema ili asiyasubiri.

La kwanza ni ule uwezo wa kusikia sauti moja, hata honi ya gari, na kuitaja papo hapo kuwa ni noti D au noti A bila kulinganisha na chochote. Walio nao karibu wote walianza muziki kabla ya miaka sita au saba. Anayeanza na kumi hatarajiwi kuupata. Ila fidla haipigwi kwa uwezo huo. Inapigwa kwa kusikia umbali kati ya noti moja na nyingine, na hilo hufundishika katika umri wowote.

La pili ni jukwaa la wapigaji pekee wa kimataifa, wanaosimama peke yao mbele ya okestra. Wengi wao walianza kati ya miaka mitatu na sita, na mashindano makubwa huwakuta wakiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Hapo wameshika fidla miaka kumi na mmoja hadi kumi na mitano, naye mwanao atakuwa ameishika miaka saba au minane. Pengo hilo hufidiwa kwa nadra sana. Watafiti waliowalinganisha watu wazima wenye miaka sawa ya mazoezi waliona pia kwamba walioanza kabla ya miaka saba hufuatisha mapigo kwa usahihi kidogo zaidi. Faida hiyo ipo, lakini ni ndogo, na msikilizaji ukumbini haitambui.

Mengine yote yako wazi kwake: kupiga katika okestra ya vijana, kwaya ya kanisa au kikundi cha taarabu, kusomea muziki, kuwa mwalimu. Katika shule nyingi za Marekani masomo ya ala huanza watoto wakiwa na miaka tisa hadi kumi na mmoja, kwa hiyo kumi ni umri wa kawaida kabisa. Mtoto huyu anasoma, anaelewa nusu na robo, na anaweza kukumbuka maagizo ya mwalimu hadi kesho. Yale ambayo mtoto wa miaka mitano huyapata kwa miaka miwili huku mzazi amekaa pembeni, wa miaka kumi mara nyingi huyapata ndani ya mwaka mmoja.

Kinachomwangusha mwenye miaka kumi mara nyingi si umri wake. Ni fidla mbaya, au fidla isiyomtosha.

Fidla hutengenezwa kwa saizi. Mtoto wa miaka kumi kwa kawaida hutumia ya robo tatu, na aliye mdogo wa mwili hutumia ya nusu. Majina haya yasikuchanganye: mwili wa fidla ya robo tatu, bila shingo yake, una urefu wa kama sentimita 33.5, na wa fidla kamili ni kama 35.5. Mpime mtoto akiwa amenyoosha mkono wa kushoto, kuanzia shingo inapokutana na bega hadi katikati ya kiganja. Ikiwa ni kama sentimita 55, robo tatu inamfaa. Akifika 58 anaweza kuhamia fidla kamili. Kisha hakikisha kwa macho: fidla ikiwa begani, vidole vyake vizungushe kichwa cha fidla huku kiwiko kikiwa kimekunjika kidogo. Kiwiko kikinyooka kabisa, fidla ni kubwa. Wazazi wengi hununua kubwa "ili akue nayo". Matokeo yake kidole cha nne, yaani kile kidogo, hakifiki mahali pake, kifundo cha mkono hujibana, na sauti hutoka chini ya noti mwaka mzima bila mtoto kujua kwa nini.

Kabla hamjalipa, tazama pale ubao wa vidole unapoishia. Uzi mwembamba, yaani E, uwe juu ya ubao kwa kama milimita 3 hadi 3.5, na ule mnene, G, kama 5. Fidla nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani daraja lake, yaani kibao kinachoinua nyuzi, likiwa refu mno, na mtoto hulazimika kukandamiza hadi vidole viume. Fundi hulichonga daraja hilo kwa muda mfupi. Daraja husimama kwa kubanwa na nyuzi tu. Likianguka, lisipigwe gundi. Utomvu mgumu unaopakwa kwenye upinde huja ukiwa laini kama kioo, kwa hiyo ukwaruze kwanza kwa msasa, la sivyo upinde utateleza na fidla itakaa kimya. Wengi hudhani ala imeharibika, kumbe ni hilo tu. Na kila baada ya mazoezi upinde ulegezwe.

Fidla haina vizuizi shingoni kama gitaa, hivyo mtoto hana alama ya kumwonyesha pa kukanyaga. Walimu wengi humwekea mwanafunzi mpya vibandiko vyembamba, nawe unaweza kukagua kama vimewekwa sawasawa. Pima uzi kutoka kwenye kingo ndogo iliyo chini ya vigingi hadi kwenye daraja. Kidole cha kwanza, yaani cha shahada, hukaa penye sehemu moja ya tisa ya urefu huo kutoka kwenye kingo, cha pili karibu na moja ya tano, cha tatu penye robo, na cha nne penye theluthi. Uzi ukiwa na milimita 310, ambao ni urefu wa kawaida kwa robo tatu, utapata takriban 34, 62 hadi 65, 78 na 103.

Vibandiko si vya kudumu, kwa sababu fidla yenyewe humwambia mtoto kama amepatia. Mwambie aweke kidole cha tatu kwenye uzi wa D na kupiga. Hiyo ni noti G, na pembeni yake upo uzi mtupu wa G, yaani usiokanyagwa kidole, wenye noti hiyo hiyo kwa chini. Kidole kikitua mahali pake hasa, uzi wa G ambao haukuguswa hutikisika wenyewe. Ukiinama utauona umekuwa kama ukungu mwembamba, na sauti yote hufunguka. Kikikosea kwa milimita mbili, uzi ule hutulia na sauti hufifia. Mtoto aliyeliona hilo mara moja huanza kuitafuta sauti hiyo mwenyewe. Hivyo ndivyo sikio linavyojengwa bila ule uwezo wa kutaja noti.

Sasa tufanye hesabu ya muda, maana matarajio mabaya huanzia hapo. Chukua mtoto mwenye somo moja kwa wiki na mazoezi ya dakika 25 kwa siku sita. Hizo ni saa mbili na nusu kwa wiki. Kwa wiki 40 za mwaka ni saa 100. Katika dakika hizo 25, tano ni za upinde kwenye nyuzi tupu, kila mvuto ukihesabiwa mapigo manne taratibu. Nane ni za skeli, yaani noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, D meja kwanza kwa sababu vidole vyake hukaa sawa kwenye nyuzi mbili. Kumi ni za wimbo, na hapa ndipo watoto wengi hupoteza muda: huanza mwanzo, hukosea mstari wa tatu, hurudi mwanzo. Mstari wa kwanza unang'aa, wa tatu haubadiliki hata baada ya wiki. Achukue zile noti nne zinazomshinda, azipige polepole mara tano bila kosa, ndipo aziunganishe na noti iliyotangulia na inayofuata. Dakika mbili za mwisho ni zake, apige anachopenda.

Miezi mitatu ya kwanza sauti itakwaruza. Sababu zinajulikana, na unaweza kuzitambua hata kama hujui muziki. Mkwaruzo mzito ni upinde kukandamizwa huku ukienda polepole. Sauti ya kupuliza, isiyo na mwili, ni upinde kupanda juu ya ubao wa vidole. Upinde unapaswa kwenda katikati ya daraja na ubao, sambamba na daraja. Hukengeuka kwa sababu mtoto huvuta kwa bega zima badala ya kufungua kiwiko. Kioo mbele yake husaidia kuliko kukemewa.

Mwisho wa mwaka wa kwanza tegemea skeli za D, A na G na nyimbo fupi kadhaa zinazotambulika, pengine noti moja moja ikiwa nje. Ukitumia mitihani ya bodi ya Kiingereza ya ABRSM, yenye gredi nane, gredi ya kwanza kati ya miezi 12 na 24 ni mwendo mzuri. Kufikia miaka 13 au 14, akiongeza mazoezi hadi dakika 40, gredi ya tatu au ya nne ni matarajio ya haki. Hapo mkono huanza kupanda shingoni na mtetemo wa kidole hujitokeza. Gredi ya saba au ya nane akiwa na miaka 17 au 18 inawezekana kwa asiyeacha.

Kipindi cha hatari ni kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Mtoto wa miaka mitano hajisikii anavyokosea. Wa miaka kumi anajisikia vizuri sana, na sikio lake hukua haraka kuliko mkono wake, kwa hiyo anaamini anarudi nyuma. Rekodi wimbo mmoja kwa simu kila mwisho wa mwezi, na akikata tamaa msikilize pamoja ya miezi minne nyuma. Mtafutie pia wenzake mapema, kwa sababu ndani ya kundi kosa lake haliko uchi. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanza 2002. Na katika vikundi vya taarabu kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, fidla hukaa kwenye safu, kadhaa zikipiga noti zile zile kwa pamoja, na hapo ndipo anayeanza huweza kujifunza pembeni ya wazoefu.

Ukija mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wazazi wengi huifungia fidla kabatini "hadi matokeo". Miezi sita ya kutoshika upinde huondoa usawa wa mkono, na akirudi mara nyingi atakuta mwili umekua na fidla ya robo tatu haimtoshi tena. Mpunguzie badala yake: dakika kumi kwa siku, tano za upinde na tano za skeli, bila wimbo mpya. Mwambie mwalimu mapema ili somo liwe mara moja kila wiki mbili, na mpime mkono wake mtihani ukiisha.